Salio Halidanganyi Kirahisi

Tuseme una duka Kenya, na mteja amelipia mchele kwa M-Pesa kwenye simu yako. Ujumbe unasema umepokea shilingi 1,250, salio jipya ni 4,830. Mchele usitoke bado. Soma ujumbe uliotangulia: kama salio lilikuwa 3,580, hesabu imekubali. Mlaghai anaweza kuiga maneno yote, hata jina la mteja, lakini salio lako la awali halijui, kwa hiyo hubahatisha.

Hesabu ikikataa, usimvamie mtu kwa maneno. Huenda kuna ujumbe mwingine uliochelewa njiani, au ulitoa pesa ukasahau. Piga *334# uone salio lenyewe. Na ujumbe ulio kwenye simu ya mteja usiuhesabu kabisa. Wako ndio wa kusoma.

Daftarini, andika ile namba ya muamala yenye herufi na tarakimu kumi, kwa mfano TGR4X81KQM. T ni mwaka 2025, G ni mwezi wa saba, na R ni tarehe 27, kwani baada ya tarehe 9 siku huhesabiwa kwa herufi kuanzia A. Ujumbe wa Agosti wenye TGR una kasoro.

Malipo mawili ya 1,250 yenye namba tofauti ni mauzo mawili. Namba ikijirudia, ni malipo yaleyale, hata ujumbe ukiingia mara tatu: mstari mmoja tu daftarini.