Mchumia Juani Hulia Kivulini: Je, Kila Mchumaji?

Mzungumzaji wa kwanza wa upinzani amepigiwa makofi kwa methali moja: mchumia juani hulia kivulini. Akahitimisha kwamba maskini ni yule aliyelikimbia jua, yaani umaskini ni tunda la uamuzi mbaya. Methali hiyo naipenda na sitaitupa. Naomba tu tuifafanue yote, hapa Kaplong, ambako wazazi wetu wengi wanaishi kwa kuchuma chai.

Methali hii inasifu bidii na subira, hilo halina ubishi. Lakini sifa hiyo imesimama juu ya sharti: anayechuma na anayekula ni mtu yule yule. Wahenga walimwona mkulima akivuna shamba lake, akabeba mavuno hadi kwake, akala na wanawe. Sharti hilo likivunjwa, jua linabaki kwa mchumaji na kivuli kinahamia kwa mwingine. Basi kabla ya kumuuliza maskini kama amechuma, tuulize nani aliyeligawa shamba.

Tazameni Kericho. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilitenga takriban ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis kwa ajili ya maafisa Waingereza waliolemazwa na vita, ili walime kitani. Haukupita muda mrefu, bei ya kitani ikaanguka na mradi ukafa. Ardhi hiyo haikurudi kwa Wakipsigis. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za chai zikaingia. Hapa upinzani unisikilize vizuri. Kama umaskini ni tunda la uamuzi mbaya, waliokosea uamuzi ni wale waliopanda kitani. Lakini waliobaki bila ardhi ni watu ambao hawakuulizwa lolote. Tena walidaiwa kodi ya nyumba kwa fedha taslimu, na njia ya kuipata fedha hiyo ikawa kwenda kufanya kazi ya mzungu. Hata kupanda mchai katika kishamba chao hawakuruhusiwa hadi miaka ya 1950. Walichuma juani. Kivuli kilikuwa kimefungwa kwa sheria.

Mtaniambia hayo ni ya kale. Basi twende leo kwenye kituo cha kununulia majani. Chukua familia yenye nusu ekari, iliyobaki baada ya shamba la babu kugawanywa kwa wana, na wana wakawagawia wana wao. Tuseme mwezi huu imepeleka kilo 200, na malipo ya awali ni shilingi 20 kwa kilo. Hiyo ni shilingi 4,000. Mama akiugua na wakaajiri mchumaji kwa shilingi 8 kwa kilo, 1,600 zinaondoka. Zinabaki 2,400, na mbolea waliyochukua kwa mkopo bado haijakatwa. Bonasi itasubiriwa hadi mwaka wa hesabu ufungwe, baada ya kiwanda kutoa gharama zake.

Bei ikiwa mbaya, je, familia hii inaweza kuyaweka majani ikangoja? Haiwezi. Mahindi unaweza kuyahifadhi. Jani la chai likichumwa asubuhi linatakiwa kiwandani siku hiyo hiyo, la sivyo linaharibika na kukataliwa. Bei yenyewe inaamuliwa mnadani Mombasa, kwa dola, mbali kabisa na kikapu kilicho mgongoni mwa mama huyu. Amechuma majani mawili na chipukizi kama alivyofundishwa, akaacha jani gumu. Uamuzi wote ulio mikononi mwake ameufanya sawasawa.

Upinzani umetuletea pia mfano wa mtoto wa mchumaji aliyefikia kuwa daktari. Nampongeza kwa moyo wote. Ila ukichunguza safari ya mtu kama huyo mara nyingi utakuta ada iliyolipwa na mfadhili, harambee, au shangazi mwenye mshahara. Bidii yake ilikuwa ya kweli. Mlango nao ulifunguliwa na mtu. Jirani yake wa darasani, mwenye bidii ile ile, alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Hoja yao nzito zaidi ni kwamba kulaumu mfumo kunawafanya watu walegee. Naona kinyume. Mwaka 2010 Wakenya waliandika katika Katiba, kifungu cha 65, kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi kwa zaidi ya miaka 99, wakati hapo awali kulikuwa na hati za miaka 999. Na mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilisikiliza madai ya Wakipsigis na Watalai na ikakubali kwamba walidhulumiwa. Waliopeleka madai hayo walikusanya ushahidi wa wazee kwa miaka mingi. Hao si watu waliolegea. Walijua tu kwamba kuchuma peke yake hakuwezi kubadilisha hati ya shamba.

Mheshimiwa mwenyekiti, naunga mkono hoja.