Aya Iliyotiwa Alama

Katika vyuo vikuu vya siku hizi kazi ya mwanafunzi haisomwi na mwalimu peke yake. Aghalabu hupitishwa kwanza katika mtambo wa kompyuta, ambao huilinganisha na vitabu, makala na kazi za wanafunzi wengine, kisha hutia rangi kila mfuatano wa maneno uliokwisha kuonekana mahali pengine. Mtambo huo hausemi kwamba mtu ameiba. Husema kwamba maneno haya yanafanana na yale, na hukumu humwachia mwenye akili. Lakini mwanafunzi aionapo aya yake imetiwa alama hushikwa na hofu, na hofu humwambia kwamba kosa limo katika maneno. Basi huyaendea maneno. Hapo huzuka swali ambalo si la mtambo hata kidogo: mtu aandikaye wazo alilolipata kwa mwingine ana deni gani, na deni hilo hulipwaje?

Na achukuliwe mwanafunzi wa elimu ya uchumi anayeandika juu ya baa la njaa la Bengali la mwaka 1943, lililoua watu kwa mamilioni. Hoja mashuhuri katika habari hiyo ni ya Amartya Sen, mwenyeji wa Bengali, aliyeieleza katika kitabu chake cha mwaka 1981. Mwanafunzi ameisoma hoja hiyo katika muhtasari wa mwandishi fulani, na ameinakili hivi: “Njaa ya Bengali haikuletwa na uhaba wa chakula, bali na kupungua kwa uwezo wa vibarua wa kununua chakula.” Mtambo umeitia alama. Mwanafunzi anafungua kamusi, na baada ya nusu saa sentensi imekuwa hivi: “Baa la Bengali halikusababishwa na upungufu wa mavuno, ila na kushuka kwa nguvu ya vibarua ya kujipatia mlo.” Alama imetoweka, na moyo wake umetulia.

Walakini kilichotendeka ni nini? Mifupa ya sentensi ni ile ile: kukanusha mbele, kuthibitisha nyuma, na kiungo katikati. Ni kama mtu aliyeupaka rangi mtumbwi wa jirani yake akausukuma majini usiku. Tena rangi yenyewe imeuharibu mtumbwi. Chakula kilichopo katika nchi si mavuno peke yake. Kimo pia kilichobaki ghalani na kilichotoka ng’ambo. Mavuno ya mpunga ya mwisho wa mwaka 1942 yalipigwa na tufani na ugonjwa wa mimea, na mchele wa Burma ulikuwa umekatika baada ya Wajapani kuitwaa nchi ile. Kwa hiyo kusema kwamba mavuno hayakupungua ni kusema jambo ambalo Sen hakulisema. Na “nguvu” iliyowekwa mahali pa “uwezo wa kununua” yaweza kumfanya msomaji afikiri kwamba vibarua walidhoofika mwili kwanza ndipo wakakosa chakula. Mwanafunzi hakulitambua hilo, kwa sababu kamusi humpa mtu maneno yaliyo jirani, lakini haimwambii ni jirani yupi anayefaa katika hoja ile.

Njia nyingine ni ndefu zaidi mwanzoni. Mwanafunzi huisoma hoja tena, si muhtasari bali kitabu chenyewe akikipata, mpaka aweze kujibu maswali matatu: mwandishi anadai nini, ana sababu gani ya kudai hivyo, na angekubali kwamba amekosea kama ingeonekana nini. Kisha hukifunga kitabu na kukiweka mbali, pamoja na ile aya iliyotiwa alama. Huenda akala chakula, akatembea kidogo. Akirudi, humweleza mtu mwenye akili asiyejua habari ile, au humdhania yupo, na kuandika vile anavyosema.

Mara nyingi hukwama, na kukwama huko kuna faida kuliko ufasaha. Mwanafunzi huyu aanza: mchele ulikuwapo, lakini vibarua hawakuweza kuununua. Msikilizaji auliza: mbona hawakuweza, na je, maskini wote walikufa sawasawa? Hana jibu. Katika aya yake ya kwanza, na hata katika ile ya kamusi, pengo hili lilikuwapo lakini lilifunikwa na maneno ya watu. Sasa hana budi kurudi kitabuni, na huko aona kwamba fedha za vita zilipandisha bei ya mchele kwa kasi ambayo ujira wa shambani haukuifuata. Arudi mezani, afunga kitabu tena, aandika:

“Sen hushikilia kwamba katika Bengali ya mwaka 1943 swali kubwa si kiasi cha mchele kilichokuwamo nchini, bali ni nani aliyekuwa na njia ya kuupata. Kwa hesabu yake, chakula cha mwaka ule kilipungua kwa asilimia 5 hivi tu kikilinganishwa na wastani wa miaka mitano iliyotangulia, na kilizidi kile cha mwaka 1941, ambao haukuwa na njaa. Kibarua wa shamba aliyelipwa fedha aliona ujira wake ukinunua vibaba vichache kila mwezi. Jirani yake aliyelima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba alipokea mpunga wenyewe, na bei ilipopanda hakuumia kama yeye.”

Aya hii ni ndefu kuliko ya kwanza, na haina mfupa wa mtu mwingine. Kibarua na jirani yake wamesimama pamoja kwa sababu mwandishi alihitaji kumjibu msikilizaji wake. Na jina la Sen limebaki, kwa kuwa maneno kuwa ya mwanafunzi hakulifanyi wazo kuwa lake.

Baada ya hapo kitabu hufunguliwa kwa mara ya mwisho, maana kumbukumbu si shahidi mwaminifu sana. Hubadili tarakimu, na hukaza madai: “kwa hesabu yake” hugeuka kuwa “ilithibitika”, na hilo ni kosa, kwani wataalamu wengine wamezipinga hesabu hizo na kusema uhaba ulikuwa mkubwa zaidi. Tena kumbukumbu huweza kurudisha sentensi za watu bila kutaja zilikotoka. Helen Keller, msichana kipofu na kiziwi wa Marekani, aliandika hadithi juu ya mfalme wa jalidi, ikachapishwa mwaka 1892. Ikaonekana yafanana mno na hadithi ya Margaret Canby, aliyopata kusomewa miaka michache nyuma na ambayo yeye hakukumbuka kuisikia. Alikuwa na umri wa miaka kumi na moja alipoiandika, na akahojiwa kama mshtakiwa. Basi anayeandika kwa kumbukumbu humpasa kulinganisha sentensi zake na za kitabu, na akikuta moja imejirudia nzima, aitie alama za kunukuu au aiandike upya.

Yamkini aya mpya ikapitishwa mtamboni na rangi ikabaki juu ya maneno “wa miaka mitano iliyotangulia”, ambayo watu wengi huyatumia. Mwanafunzi wa kamusi angeyatafutia mbadala. Huyu aweza kuyaacha yalivyo, na mwalimu akimwita kumwuliza maana ya aya yake, aweza kwenda bila karatasi.