Haki ya Mgeni Aliyekwisha Ondoka

Zamani mwenyeji alipomsindikiza mgeni wake hadi njia panda, habari za mgeni yule zilikomea pale. Kama aliacha chumba kichafu, aibu yake ilisitiriwa, kwa sababu kumtangaza mgeni kulikuwa sawa na kuitangaza nyumba. Siku hizi mambo yamegeuka. Mtu apangishaye chumba cha nyumba yake kwa njia ya Airbnb huombwa, mgeni akishaondoka, aandike tathmini katika muda wa siku 14. Hupima usafi, mawasiliano na utii wa kanuni za nyumba, kila kimoja kwa nyota 1 hadi 5, kisha huandika maneno ambayo wenyeji wengine watayasoma. Mgeni naye humwandika mwenyeji, na hakuna aonaye ya mwenziwe mpaka wote wawili wameandika au muda umekwisha. Je, stara ya zamani ni wema bado, au imekuwa namna ya uongo?

Mfano mmoja utatosha kulipima swali hili. Mama mmoja mwenye nyumba mjini Njombe alimpokea kijana kwa siku tatu mwezi wa Julai, wakati ambapo baridi ya usiku hushuka chini ya digrii 10. Kanuni zake zilisomwa na mgeni kabla hajalipa: kufika kabla ya saa nne usiku, kuvua viatu barazani, kuosha vyombo, na kutoingiza jiko la mkaa chumbani. Kijana alifika saa sita usiku, kwa kuwa basi lake lilichelewa Makambako. Lakini alipiga simu mapema kueleza. Alipoondoka, mwenyeji alikuta vumbi jekundu kwenye shuka, sufuria yenye ugali uliokauka, na chini ya kitanda majivu na mkeka ulioungua ukingoni.

Hasira ya kwanza ingeandika: "Mchafu, hana adabu." Hukumu hiyo ingekuwa dhuluma, maana ingechanganya makosa manne yasiyolingana. Kuchelewa lilikuwa kosa la basi, na simu ya mgeni ilikuwa adabu kamili. Vumbi ni la ardhi ya Njombe. Huingia na mgeni kama liingiavyo na mwenyeji, na hufuliwa kila shuka zinapobadilishwa. Sufuria lilikuwa kosa la mgeni kweli, lakini ni kazi ya dakika tano, wala halimdhuru mtu.

Jiko ni jambo jingine. Mkaa uwakao katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu mahali pa oksijeni, na aliyelala huweza kufa bila kuamka. Hata mkaa uliokwisha kuwa mwekundu, usiotoa moshi tena, huitoa. Lakini kuona majivu si kuona moto. Mwenyeji mwadilifu huuliza kabla ya kuandika. Mama yule aliuliza kwa simu, na kijana akakiri: alizidiwa na baridi, akaliwasha, akaacha dirisha wazi kidogo akidhani linatosha. Hapo mwenyeji akakumbuka kwamba chumba kile kilikuwa na blanketi moja tu. Upungufu huo haukulifuta kosa, lakini ulikuwa sehemu ya ukweli wake.

Kijana alikuwa amekwisha kuomba chumba kingine Makambako, mji ambao nao una baridi na upepo. Mwenyeji wa huko, akisoma "mgeni mwema, karibu tena" pasipo neno jingine, asingekuwa na sababu ya kuonya wala ya kuongeza blanketi. Hapo stara ingekuwa imenunuliwa kwa roho ya mtu.

Basi mama akatoa nyota 5 kwa mawasiliano, 4 kwa usafi na 2 kwa kanuni, akaandika: "Mgeni mpole, alitoa taarifa alipochelewa. Aliwasha jiko la mkaa chumbani kinyume cha kanuni. Alipoulizwa alikiri na kuomba radhi. Blanketi lilikuwa moja, nalo limeongezwa. Mwenyeji ajaye amkumbushe jambo la jiko siku ya kwanza." Habari ya sufuria alimwandikia kijana peke yake, katika ujumbe wa faragha.

Mgawanyo huo ndio jibu. Stara haikufa; imepewa mpaka. Kosa ambalo kulinyamazia hakumdhuru mtu wa tatu huambiwa mwenyewe na kusitiriwa; kosa ambalo kulinyamazia kwaweza kumdhuru husemwa wazi, pamoja na udhuru wake na upungufu wa nyumba. Mwenyeji asemaye la kwanza hadharani ni msengenyaji, na afichaye la pili humwachia mwenziwe hatari aliyoijua.