Je, Kumsikiliza Mwalimu ni Kumsaliti Mtoto?

Muhula uliopita dayari ya kijana wetu wa Gredi ya 4 ilirudi nyumbani na mstari mmoja: "Anasumbua darasani. Mzazi afike." Kijana akasema mwalimu anamchukia. Kusema kweli, nilipandwa na hasira. Mimi nilisomea biashara, na tayari nilikuwa nimejipanga kuongea kama mteja: karo nalipa, mbona mtoto anaonewa?

Mama yake akaniuliza, "Baba, umesikia upande mmoja tu. Ukienda hivyo, unamtetea mtoto ama unatetea jina lako?" Swali hilo lilinichoma. Methali 18:17 inaonya juu ya kuamua kesi baada ya kumsikia anayetangulia kujieleza.

Sikumvizia mwalimu getini asubuhi, watoto wakisikia. Niliandika kwenye dayari nikiomba dakika 20 baada ya masomo. Kijana nilimwambia, "Naenda kusikiliza, siendi kukushtaki."

Nilipoketi nilianza na ninachokiona mwenyewe: "Mwalimu, nyumbani hapendi kushika kitabu. Wewe huku unaona nini?" Neno "anasumbua" ni hukumu, halisemi ni nini kilichotokea. Kwa hiyo niliuliza mambo matatu. Ni wakati gani hasa? Nini hutangulia? Halafu nini hufuata?

Mwalimu akafikiri. Huwa ni kipindi cha kusoma, zamu yake ya kusoma kwa sauti ikikaribia. Anaanza mzaha, darasa linacheka, anatolewa nje. Tukatazamana. Akitolewa nje, hasomi! Adhabu ilikuwa inampa kile kile anachotafuta. Mimi nilijua anakwepa kitabu, yeye alijua mzaha, lakini hakuna aliyekuwa na habari yote.

Tukakubaliana kwa wiki mbili: mwalimu amwonyeshe mapema ukurasa atakaousoma kesho, sisi tuufanyie mazoezi dakika 10 jioni, na kila Ijumaa aandike kwenye dayari ameendeleaje. Mzaha haukuisha, lakini ulipungua. Shida ya kusoma nayo ilijulikana, na sasa tunaishughulikia pamoja.

Lakini kushirikiana si kukubali kila kitu. Usimwambie mwalimu, "Mchape tu, nimekuruhusu." Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya viboko, na ruhusa yako haibadilishi hilo. Mtoto akiumizwa, nenda kwa mwalimu mkuu bila kuchelewa.

Je, nilimsaliti kijana wangu? Fikiria ningeenda vile nilivyojipanga. Pengine mwalimu angenyamaza, nami ningerudi nyumbani mshindi. Lakini kijana angebaki pale pale, hajui kusoma, na watu wazima wawili wasiosemezana. Huo ndio ungekuwa usaliti.