Picha Tulikuagiza

Ole wenu nyinyi mnaouza chai, sabuni na viatu kwa jasho la mpiga picha, kisha jina lake mkalikata kwa mkasi! Mnasema, "Tulishalipa." Mlilipia nini? Mlilipia hadi lini?

Nilimpiga picha mama mmoja akimimina chai alfajiri. Nilirudi siku tatu mfululizo ndipo mvuke ukapanda nilivyotaka. Mtangazaji akaniandikia kwenye simu: "Elfu sitini. Mabango ya Nairobi. Miezi sita. Jina lako litakaa pembeni." Nikakubali. Mwaka ulipogeuka, dada yangu akanitumia picha ya bango la Kisumu. Mama ni yuleyule, ila amegeuzwa aelekee kushoto, na pembeni, lilipokuwa jina langu, wamebandika bei. Nilipouliza, nikajibiwa: "Picha ni yetu, tulikuagiza wenyewe."

Wapiga picha wa Kenya, jibu hilo msilicheke. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema kazi iliyoagizwa, hakimiliki yake huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama wawili hao wamepatana vingine. Wengi wetu tunadhani aliyebonyeza kamera ndiye mwenye mali. Sivyo, akiwa ameagizwa na hakuna mapatano. Kilichonipa pa kusimamia ni ule ujumbe mfupi wa simu: ulitaja Nairobi, ukataja miezi sita. Bila huo ningekuwa mgeni kwenye picha yangu. Na hata hakimiliki ikihama, haki ya kutambuliwa kuwa ndiwe uliyeipiga haihami nayo. Basi jina mmelikata kwa ruhusa ya nani?

Nanyi wapiga picha, karipio hili halitawapita! Mnatuma faili kubwa, safi, kabla hata ya kutaja bei, kwa kuogopa kumpoteza mteja. Mnatia sahihi penye "matumizi yote, daima, popote" kwa malipo ya siku moja ya kazi. Mnaandika "miezi sita" bila kusema inaanza siku gani, naye anahesabu tangu bango lilipopanda ilhali nyinyi mnahesabu tangu mlipompa faili.

Andikeni kwamba hakimiliki inabaki kwenu na mteja anapewa leseni tu. Andikeni tarehe ya kuanza na ya kwisha, na miji au nchi kwa majina. Mtandao hauna mpaka, kwa hiyo utajeni peke yake. Ada ya kupiga iwe mbali na ada ya kutumia, na leseni ianze siku fedha yote ikifika. Semeni jina litakaa wapi kwenye bango na kwa ukubwa gani, maana "litakaa pembeni" ndilo neno lililonipotezea langu.

Na wewe mwenye chai, lile bango la Kisumu bado liko juu. Lishushe, au nilipe miezi yote uliyolitumia.