Kivuli cha Nguzo ya Tatu

Miongoni mwa zana za kompyuta anazozitumia mpigapicha, ipo moja ambayo jina lake limenitia mashaka kuliko kazi yake. Kwenye skrini huandikwa Healing Brush Tool, na sisi tunaoitumia twaiita brashi ya kuponya. Iliingia katika programu ya Photoshop mwaka 2002, na tangu hapo neno kuponya limezoeleka vinywani mwetu hata hatulisikii tena. Twasema tumeuponya uso wa bibi harusi, yaani tumemwondoa chunusi. Twasema tumeiponya mbingu, yaani tumezifuta nyaya za umeme zilizokuwa zikipita juu yake. Lakini kuponya hakuwi ila kwa mgonjwa. Basi niliyemtibu mimi, katika kisa nitakachokieleza, alikuwa akiugua nini?

Kisa chenyewe ni cha Pemba. Asubuhi moja ya mwezi wa Juni nilisimama juu ya kilima, jua likiwa mgongoni, nikapiga picha ya barabara inayoshuka kwenda magharibi baina ya mikarafuu, kisha minazi, kisha hori la bahari lililotulia kama maji ya mtungini. Upande wa kaskazini wa barabara zilisimama nguzo nne za umeme, na nyaya tatu zilizolegea kidogo baina ya kila nguzo na mwenziwe. Wachapishaji wa kalenda waliipenda picha, ila walitaka "mandhari ya asili". Nilifahamu walichokusudia. Nikafunga mlango, nikakaa na kazi hiyo kwa siku mbili.

Nitaieleza kazi ilivyo, kwani suala la kimaadili limo ndani ya kazi yenyewe. Kwanza hufunguliwa tabaka tupu juu ya picha, na katika sehemu iliyoandikwa Sample huchaguliwa Current & Below, ili kila kirekebishwacho kikae juu ya tabaka hilo na picha ya chini isiguswe. Kisha huanzwa na nyaya zilizo mbinguni. Anayetumia muhuri wa kunakili, yaani Clone Stamp Tool, huchota kipande cha mbingu na kukibandika kama kilivyo. Lakini mbingu haina rangi moja. Juu ni ya buluu iliyoiva, na kadiri inavyoshuka kwenye upeo wa bahari huzidi kupauka, hivyo kipande kilichotolewa juu kikibandikwa chini huonekana kama kiraka kwenye kanzu. Brashi ya kuponya hufanya jambo la werevu zaidi: huchukua umbile na chembechembe za pale ulipochota, kisha rangi na mwanga ikavioanisha na pale unapopaka. Waya uliokuwa na upana wa pikseli nne au tano hutoweka kana kwamba haukuwahi kuwapo. Hubofya mwanzo wa waya, hushikilia kitufe cha Shift, hubofya mbele kidogo, na brashi hupita kwa mstari ulionyooka baina ya nukta hizo mbili. Kwa kuwa waya umelegea, hatua ziwe fupi fupi.

Ugumu huanza pale waya unapougusa mnazi. Brashi hii hujifunza rangi kutoka kwenye kingo za pale ulipopaka, na kingo ikiwa ni kuti la kijani kibichi, kijani hicho humwagika mbinguni kama wino kwenye karatasi iliyorowa. Dawa yake ni kuukata waya kwanza. Kwa muhuri mdogo wenye ncha kali hutengenezwa mwanya mwembamba wa mbingu baina ya kuti na waya, na baada ya hapo waya uliobaki huweza kuponywa bila ya kuligusa kuti. Mnazi mmoja ulinila saa nzima.

Mpaka hapa dhamiri yangu ilikuwa imelala usingizi mwema, na sidhani kwamba ilikosea. Nyuma ya waya mwembamba ipo mbingu, na mbingu iliyofichwa na pikseli nne haiwezi kuwa tofauti na ile iliyo juu yake na chini yake. Wapo pia wanaosema, na hoja yao si nyepesi, kwamba jicho la mwanadamu haliuoni waya. Mtu akisimama kilimani akaitazama bahari, moyo wake huzipita nyaya bila kuzihisabu, ilhali kamera hairuki kitu. Kwa hoja hiyo, anayefuta waya huirejesha picha kwenye kile kilichoonwa.

Nguzo, hata hivyo, si waya. Nguzo ya karibu ilikuwa na upana wa pikseli 60 katika picha ya pikseli 6,000, na nyuma yake hapakuwa na mbingu bali mikarafuu. Kilichokuwa nyuma ya nguzo hiyo kamera haikukiona, nami sikukumbuka. Brashi yenyewe hainusuru mahali kama hapo, kwani majani na vivuli vilivyochanganyika hugeuka uji. Hubidi kurejea kwenye muhuri, kuchota matawi ya mti wa jirani, na kuyapanga pale penye pengo, huku ukibadilisha mahali unapochota kila baada ya mibofyo michache, ili tawi moja lisije likaonekana mara mbili likamfichua mwenye kazi. Nilifanya hivyo kwa nguzo zote nne, na kwa waya wa kushikilia uliotoka kwenye nguzo ya tatu hadi ardhini. Nikaitazama kazi kwa ukubwa wa asilimia 100, kipande kwa kipande. Nikaridhika. Wakati huo sikujiuliza kwamba kwenye mbingu nilikuwa nikikisia, na kwenye mikarafuu nilikuwa nikitunga.

Kalenda ilichapishwa, na nakala moja ikafika kijijini. Mwaka uliofuata nilipopita tena, mzee mmoja aliniita barazani kwake. Nilimwamkia, akaitika, akaagiza kahawa, kisha akaitoa kalenda ndani akaifungua kwenye mwezi wangu.

"Mwanangu, picha hii ni yako?"

"Ni yangu, mzee wangu."

"Nguzo zetu umezipeleka wapi?"

Nilimweleza kwamba walioiomba walitaka mandhari ya asili. Akanyamaza. Kisha akaweka kidole chake katikati ya barabara, juu ya ufito mweusi uliolala kwa mshazari kutoka kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi. "Na hiki kivuli ni cha nani?"

Kilikuwa kivuli cha nguzo ya tatu. Mwezi wa Juni jua huchomoza kaskazini ya mashariki, na kwa kuwa nguzo zilikuwa upande wa kaskazini wa barabara, asubuhi vivuli vyake hulala juu ya njia. Kivuli cha nguzo ya kwanza na ya pili vilianguka ndani ya vivuli vya mikarafuu, nacho cha nne kilikuwa mbali. Hiki cha tatu niliangaliana nacho siku mbili nikakidhania ni cha mti. Hili ndilo kosa linalojirudia zaidi katika kazi hii: mtu hukiondoa kitu, akakisahau kivuli chake, au taswira yake ndani ya maji. Wakubwa wetu nao hawakusalimika. Mwaka 2016, katika maonyesho nchini Italia ya Steve McCurry, mpigapicha mashuhuri wa Marekani, iligunduliwa picha ya Cuba ambamo kipande cha nguzo ya kibao cha barabarani kilikuwa kimehama mahali pake, kikabaki karibu na mguu wa mpita njia. Nguzo, naona, haziondoki kirahisi.

Lakini mzee hakuwa amemaliza. Kidole chake kilihamia pale ilipokuwa nguzo ya pili. "Na mkarafuu huu ni wa nani? Mimi mahali hapa sina mkarafuu. Ulikufa."

Sikuwa na la kusema. Ule ulikuwa mti niliouunda mimi kwa matawi ya jirani. Msomaji wa visiwani hahitaji kuelezwa uzito wa swali hilo, kwani katika mashamba yetu mkarafuu una mwenyewe, hurithiwa na huweza hata kugombaniwa. Mti uliokufa alioulilia mwenyewe, mimi niliufufua ili kuziba pengo.

Nilirudi nyumbani nikiwa na neno "asili" moyoni. Asili gani? Mikarafuu haikuota Pemba kwa hiari yake. Ililetwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, ikaenezwa kwa amri ya Sayyid Said, na mashamba mengi yakapandwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyoinuka kuwa kisiwa cha karafuu. Basi katika picha ile mlikuwa na safu mbili zilizosimamishwa na wanadamu kwa faida ya wanadamu, safu ya mikarafuu na safu ya nguzo. Moja niliiita asili nikaiachia, ya pili nikaiita ugonjwa nikaitibu. Tofauti yao ilikuwa umri tu, pamoja na ladha ya mnunuzi wa kalenda.

Na nguzo hizo zilikuwa na historia yake. Hadi mwaka 2010, ulipofika waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli. Unguja wenyewe, ambao waya wao wa baharini ulikuwa wa tangu 1980, walikaa gizani kiasi cha miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Mzee yule alikuwa katika kamati ya kijiji iliyokwenda ofisini mara nyingi kuomba laini ivutwe hadi kwao. Hoja ya kwamba jicho huzipita nguzo bila kuziona huenda ni kweli kwa jicho langu. Kwa jicho lake si kweli, kwani alizisubiri.

Sijaacha kazi ya kufuta. Vumbi la kwenye kioo huliondoa, mfuko wa plastiki uliopeperushwa na upepo pia, kwa kuwa kesho haungekuwapo. Waya wa mbinguni huufuta mwenye picha akitaka, mradi picha isiuzwe kwa jina la mahali. Lakini kilichosimama na kitakachosimama, ambacho nyuma yake sijui kuna nini, sikigusi tena kwa picha inayosema "hapa ni mahali fulani". Wenzangu huniambia kwamba mchoraji huacha nguzo asiichore wala hakuna amuulizaye. Ni kweli. Mchoraji, hata hivyo, hajadai kwamba alikuwapo.

Tabaka langu la tiba lilikuwapo bado katika kompyuta. Pembeni mwa kila tabaka huwa na kijicho kidogo, ukikibofya tabaka hufichika. Nilikibofya. Nguzo nne zikarejea mahali pake kwa mara moja, na mkarafuu wangu ukatoweka. Nikaichapisha hivyo, nikaitia fremu, nikampelekea mzee. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akamwita mjukuu wake amwoneshe pale waya wa kushikilia wa nguzo ya tatu ulipofungwa, ndani ya konde lake la muhogo, kwa ruhusa yake.