Arobaini na Tisa

Nianze na swali la hesabu, usikimbie. Mfanyabiashara aliuza shati kwa shilingi 1,150 baada ya kumpunguzia mteja asilimia 8 ya bei iliyoandikwa. Bei iliyoandikwa ilikuwa ngapi? Alama tatu.

Wengi huchukua ile 1,150, wakaiongezea asilimia 8 yake, wakapata 1,242. Inaonekana sawa, lakini asilimia 8 ilitolewa kwenye bei ya kwanza, ambayo bado hatuijui. 1,150 ni asilimia 92 ya bei hiyo. Ukigawa kwa 92 na kuzidisha kwa 100 unapata 1,250. Katika mwongozo wa kusahihisha, alama mbili ni za njia na moja ni ya jibu. Ukikosa njia tangu mwanzo, jibu halikuokoi.

Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imenishinda, nikarudi nyumbani Migori. Kuna shule ya kutwa upande wa barabara inayotoka Rongo kwenda Rodi Kopany ambayo haikuwa na mwalimu wa hesabu, na bodi ikanichukua. Sina cheti cha ualimu. Nilikuwa na kalamu nyekundu, na watoto 43 wa Kidato cha Tatu wakiniita mwalimu.

Mwisho wa muhula niliwapa karatasi ya mtindo wa KCSE: sehemu ya kwanza maswali 16 ya alama 50, sehemu ya pili unachagua matano kati ya manane, kila moja alama 10. Nilisahihisha usiku mbili, nikawarudishia ili turekebishe makosa pamoja. Hapo ndipo mlango huwa wazi. Karatasi za KCSE hazimrudii mtahiniwa, lakini za shule zinarudi, zinalala kwenye begi la mwanafunzi, kisha anaruhusiwa kuja kulalamika.

Kijana mmoja alikuja siku ya pili. Alikuwa na 47. Akafungua swali la shati. "Mwalimu, ulisahihisha kazi niliyoikata. Hii nyingine hukuiona."

Na kweli, ile 1,242 ilikuwa imepigwa mstari, na pembeni kulikuwa na njia safi kabisa inayofika 1,250. Kanuni iko upande wake: kazi iliyokatwa ikifuatwa na nyingine, unasahihisha ile nyingine. Alama tatu. Arobaini na saba inakuwa hamsini.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuinua karatasi dirishani. Mstari wake wa bluu ulipita juu ya X yangu nyekundu, nikajisemea nimemshika. Ni ushahidi mbovu huo. Wino mweusi zaidi huonekana uko juu hata kama ulitangulia, na kwa macho matupu unaweza kuapa na ukawa umekosea. Nilijaribu mwenyewe kwenye karatasi chafu, bluu kwanza halafu nyekundu, na bado bluu ikaonekana juu.

Kilichonishawishi ni kitu kingine. Nina tabia ya kupiga mstari mwekundu wa mshazari kwenye nafasi iliyobaki wazi. Mstari huo ulikuwepo, na kazi yake mpya ilikuwa inaukwepa. Tarakimu zilibanwa upande mmoja, alama ya sawasawa ikaruka, 1,250 ikakaa chini kidogo kuliko inavyopaswa. Hakuna anayekwepa mstari ambao bado haujachorwa.

Sikumwambia. Nilimpa karatasi tupu na swali jingine la aina hiyo, redio badala ya shati. Alilifanya kwa dakika mbili, bila kosa.

Hapo ndipo nilipokwama, na ndiyo sababu ninaandika. Kama mtihani unapima anachojua, huyu anajua. Mimi mwenyewe niliwaambia waandike masahihisho kwenye karatasi zao. Yale maandishi ya bluu hayakuwa uongo alipokuwa akiyaandika nyumbani, hata kama aliyaandika kwa nia mbaya. Yangebaki kuwa masahihisho kama asingekuja mezani kwangu. Uongo ulianza kwa sentensi: "Hii nyingine hukuiona." Alikuwa anazungumza kuhusu Jumatatu, akiniomba nitie sahihi kwamba Jumatatu alijua kitu alichokijua Jumatano.

Na alikuwa na sababu. Mdhamini wake wa karo alitaka hesabu isishuke chini ya hamsini.

Nikaamua kuhesabu karatasi yote upya, kwa haki tu. Swali la 14, tiki zangu zilikuwa za alama nne. Nilikuwa nimeandika mbili. Kosa langu, la saa sita usiku. Kwa hivyo alama yake halali haikuwa 47 wala 50. Ilikuwa 49.

Nilimpigia rafiki anayefundisha Homa Bay, mtu wa miaka mingi darasani. Akacheka. "Omera, moja? Mpe huyo mtoto alama moja aendelee na maisha." Si mtu mbaya. Kila mwalimu amewahi kumsukuma mtoto kwa alama moja, na mara nyingi ni huruma tupu. Nilikaa na hoja yake usiku kucha kwa sababu ilikuwa inanivutia. Mimi pia niliachwa na mlango wa karo.

Lakini nikiongeza ile moja, nimefanya alichofanya yeye, isipokuwa kwangu hakuna atakayeinua karatasi dirishani. Nchi hii ilishaona huruma ya watu wazima inavyokua. Mwaka wa 2015 KCSE ilitoa A zaidi ya 2,600. Mwaka uliofuata, usimamizi ulipokazwa, zikawa 141. Siku hizi hata karatasi ya darasani si ya darasani tu: chini ya CBC, tathmini za Gredi ya 7 na 8 zinazotumwa na shule ni asilimia 20 ya matokeo ya Gredi ya 9. Anayeziingiza ni mwalimu, peke yake, jioni.

Niliandika 49. Kisha nikaandika barua kwa mdhamini: muhula uliopita alikuwa na 31, sasa ana 49, na swali lililomwangusha analiweza leo. Yote yalikuwa kweli, na sikujua kama yangetosha. Habari za mstari mwekundu sikuziweka. Unaweza kusema nilificha, na sitabishana sana. Mdhamini aliuliza kuhusu alama, na alama nilimpa.

Kijana nilimwita kando, nikamwonyesha tarakimu zilizokwepa mstari. Hakukana. Nikamwonyesha pia swali la 14. Aliangalia zile tiki kwa muda.

"Kwa hivyo na wewe ulinikosea."

"Ndiyo."

"Kama nisingedanganya, ungejua?"

Sikuwa na jibu. Asingekuja, ningebaki na 47 yangu kwenye orodha, nimetulia kabisa.

Kesho yake nilikusanya karatasi zote 42 zilizobaki nikazijumlisha upya, safari hii mchana. Wanne walikuwa na hesabu mbaya. Watatu niliwapunja. Wa nne, msichana wa dawati la mbele, nilikuwa nimemzidishia alama mbili, na alikuwa amekaa nazo siku nne kimya. Nilizitoa, nikamrudishia karatasi, na sikumuuliza kitu.